Zimwi la Mafunjo: kumwandika mnyama wa kubuni kuanzia topeni

Kazi ilinifikia ikiwa na sentensi nne. Mkurugenzi wa gemu alitaka jitu la kinamasini, akaandika hivi:

"Mnyama wa kutisha, mkubwa kama nyumba. Ana miguu sita, shingo ndefu ya nyoka na taya zinazoponda mashua. Anaishi kwenye kinamasi cha mafunjo na huwinda usiku. Hakuna anayemwona mpaka awe ameshamfikia."

Wachoraji wawili walikuwa wameshapewa maelezo hayo kabla yangu. Mmoja alileta mnyama ambaye mabega yake yako mita 8 kutoka ardhini, na mafunjo yanamgusa magotini. Mwingine alileta mnyama wa kimo cha ng'ombe, mwenye kichwa cha mamba, amejilaza majini. Wote wawili wanajua kuchora. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa na nyumba yake kichwani, na neno "kutisha" halimwambii mtu aweke mstari wapi. Michoro yote miwili ilikataliwa, kisha nikaombwa kuandika maelezo upya ili mchoraji wa tatu asirudie safari ileile.

Ukisoma maelezo yale taratibu, unagundua kuwa sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko zote, ingawa inaonekana kama pambo. Mnyama haonekani mpaka awe karibu. Hiyo ni sharti, na inapingana moja kwa moja na "mkubwa kama nyumba". Mafunjo hukua mita 4 hadi 5. Mnyama wa mabega ya mita 8 hajifichi humo. Anaonekana toka upande wa pili wa ziwa. Basi nikaamua kuacha viungo vyake kwanza na kuanza na mahali: kuna nini cha kujifichia, kuna nini cha kukanyaga, na kuna nini cha kula. Watu wengi huandika kinyume chake. Wanamalizana na pembe, makucha na mkia, halafu mwishoni wanatafuta pori la kumweka.

Mafunjo yalinipa kimo. Ili kichwa kibaki chini ya vichwa vya mafunjo hata mnyama akiwa amesimama, kisizidi mita 3.3. Nikaweka mabega mita 2.6, shingo ikiwa imekunjwa nyuma na kichwa kikikaa juu kidogo ya mabega. Hicho si kimo cha kudharau. Mtu mzima akisimama kando yake, utosi wake unafika usawa wa tumbo la mnyama na kuzidi kidogo tu. Mkurugenzi alipoona mchoro wa haraka wa vivuli viwili, mtu na mnyama, alinuna.

"Kaka, amekuwa mdogo."

Nikamwomba afunike sehemu ya juu ya mchoro kwa mkono, abaki na mita mbili za chini tu, yaani kile mchezaji atakachokiona akiwa ndani ya mtumbwi katikati ya mafunjo. Akaona miguu sita mirefu na tumbo lililo usawa wa kichwa cha mtu. Hakuuliza tena habari ya kimo.

Mchoro wa mita 8 ulikuwa na kasoro nyingine, na hii ndiyo inayowaponza wengi. Tembo dume wa savana ana mabega ya mita 3.2 hivi na uzito wa tani 6. Ukimkuza mpaka mabega yafike mita 8, umemzidisha mara mbili na nusu kwa urefu. Lakini uzito haufuati urefu. Unafuata ujazo, yaani urefu mara upana mara kina, kwa hiyo umezidisha uzito mara 15 na zaidi, na sasa una mnyama wa tani 90 na ushei. Mifupa ya miguu, ambayo nguvu yake inategemea unene wa kipande ukikikata, imeongezeka mara 6 tu na kidogo. Kila sentimita ya mraba ya mfupa inabeba mzigo mara mbili na nusu ya ule wa tembo, na tembo mwenyewe tayari ana miguu kama nguzo na harukaruki. Mchoraji alikuwa amempa mnyama huyo miguu myembamba ya mbuni. Mtazamaji hajui hesabu hizi, ila jicho lake limeshaona wanyama wengi, na linakataa. Ndipo unaposikia watu wakisema mchoro "unaelea" au mnyama anaonekana kama mdoli. Mara nyingi kinachokosekana ni unene wa miguu kulingana na kimo, wala si ubora wa kivuli na rangi.

Mnyama wangu nilimpa kilo 1,200, uzito wa twiga dume. Si kubahatisha: twiga ana kimo cha mabega kinachokaribiana na chake, miguu mirefu, na mwili usio mzito sana, kwa hiyo mchoraji ana mnyama halisi wa kumtazama anapotaka kujua unene wa mguu. Kila ninapoweka uzito, namtaja mnyama aliye hai mwenye uzito huo. Namba peke yake haichoreki.

Baada ya kimo, nyayo. Kinamasi cha mafunjo hakina ardhi ya kuaminika. Kuna tope, kuna mizizi iliyofumana, kuna mahali panapobonyea ukikanyaga. Wanyama wanaoishi humo wanaonyesha wazi jinsi walivyojirekebisha. Nzohe, swala wa kinamasini, ana kwato ndefu zinazotanuka. Sile-maua, ndege wa majini, ana vidole virefu kupita kiasi, anatembea juu ya majani ya yungiyungi. Tembo naye ana siri yake: wayo hutanuka akiukanyagia na husinyaa akiuinua, kwa hiyo haung'ang'anii topeni. Nikamchukulia zimwi vidole vinavyotanuka pamoja na wayo wa aina hiyo, wenye upana wa sentimita 45 ukiwa umetanuka.

Hapo ndipo miguu sita ilipoacha kuwa urembo. Mkurugenzi aliitaka kwa sababu inaonekana ngeni, na mimi mwanzoni nilitamani kuifuta, maana kila jozi ya miguu ni deni kwa mchoraji. Lakini kwenye tope ina kazi. Mnyama wa miguu sita akitembea polepole anaweza kuinua mguu mmoja tu kwa wakati, mitano ikibaki chini. Nyayo tano za upana ule zina jumla ya sentimita za mraba 8,000 hivi, na kilo 1,200 zikigawanywa humo unapata gramu 150 kwa kila sentimita ya mraba. Ni karibu na mkandamizo wa mtu mzima aliyesimama kwa miguu yake miwili. Basi anazama kiasi ambacho mtu angezama, na maji yanayomfika tumboni yanamwinua kidogo zaidi. Ukimkuza mara mbili, uzito unakuwa mara nane na nyayo mara nne. Mkandamizo unaongezeka maradufu na huyo amekwama. Nilimwandikia mkurugenzi hesabu hiyo kwa sababu nilijua kuna siku atasema "tumwongeze kidogo".

Sasa miguu hiyo inashikamana wapi? Hili ndilo swali ninaloliuliza kwanza nikiona mnyama wa viungo vya ziada, awe na mabawa, mikono minne au chochote. Kwa wanyama wa miguu minne, mguu wa mbele na wa nyuma havikushikwa kwa namna moja. Wa nyuma umeungana na fupanyonga, na fupanyonga limeungana na uti wa mgongo, mfupa kwa mfupa. Huko ndiko msukumo unakotoka. Wa mbele, kwa wanyama wa kwato, hauna mtulinga hata kidogo. Kombe la bega limeshikwa kwenye mbavu kwa misuli tu, na kifua kinaning'inia katikati ya makombe mawili. Ndiyo maana ukimtazama twiga au ng'ombe akitembea, unaona kombe likipanda na kushuka chini ya ngozi.

Mchoraji wa kwanza alikuwa amebandika jozi ya kati tumboni, mahali ambapo hakuna mbavu. Hakuna misuli inayoweza kujishikiza pale, na matumbo hayabebi kitu. Nilichoandika ni kwamba jozi ya kati ni jozi ya pili ya "mbele": ina makombe yake yenyewe, yameshikwa kwa misuli, na kwa hiyo mbavu lazima ziendelee nyuma mpaka zipite makombe hayo. Kifua kikawa kirefu, kiuno kikawa kifupi. Umbo la mwili likabadilika kutokana na uamuzi huo mmoja: mgongo wenye vilima viwili vya mabega, wa pili mdogo kuliko wa kwanza, halafu mteremko hadi nyonga. Mchoraji wa tatu aliponitumia umbo la nje tupu, jeusi, bila maelezo yoyote ndani, vilima hivyo viwili ndivyo vilivyomtambulisha mnyama kabla hujahesabu miguu.

Mhuishaji naye alikuwa na lake, na nashukuru aliitwa mapema. Niliandika mwili wa mita 3.4 kutoka kifuani hadi matakoni, nyayo zikiwa zimeachana mita 1.5 kati ya jozi na jozi. Akauliza kila mguu unasafiri umbali gani ukipiga hatua. Ukiweka mita 1.1, mguu wa mbele unaporudi nyuma mwisho wake na wa kati unapofika mbele mwisho wake, kati ya vituo vya nyayo inabaki sentimita 40, na nyayo zenyewe zina upana wa 45. Zinakanyagana. Tukashusha hatua mpaka sentimita 90, ikabaki nafasi ya sentimita 15. Mnyama akawa wa hatua fupi na nyingi, jambo linalomfaa mwindaji wa kunyatia. Kama hesabu hii ingefanyika baada ya modeli ya 3D kujengwa, ingebidi mwili urefushwe, na ukirefusha mwili, kimo na uzito navyo vinaguswa.

Shingo na taya vilileta ubishi mkubwa kuliko miguu. "Shingo ndefu ya nyoka" na "taya zinazoponda mashua" ni vitu viwili visivyokaa pamoja. Taya zenye nguvu ya kuponda zinahitaji misuli minene, misuli inahitaji fuvu zito, na fuvu zito kwenye ncha ya shingo ndefu linainamisha mnyama mzima. Mamba ana kichwa kizito na shingo fupi. Koikoi, yule ndege mrefu anayesimama kwenye maji ya kina kifupi, ana shingo ndefu na kichwa chepesi. Twiga ana shingo ndefu lakini pingili zake ni 7 tu, sawa na za binadamu, kila moja ndefu sana, kwa hiyo haikunjiki kama kamba. Koikoi ana pingili 20 hivi, na mahali pamoja shingo yake ina kona kali inayoifanya ikae kama herufi S. Kona hiyo ndiyo inayomwezesha kuifyatua mbele kwa ghafla.

Nilichagua ya koikoi: pingili 18, urefu wa mita 2.4 ikinyooka, kichwa kirefu chembamba cha kilo 25 hivi. Kazi ya taya hizo ni kunasa. Mkurugenzi hakutaka kuipoteza mashua yake, na alikuwa na haki, kwa sababu tukio hilo lilikuwa tayari kwenye hadithi. Tukalihamishia miguuni. Zimwi halimumunyi mtumbwi. Linaweka nyayo mbili za mbele kwenye ukingo na kuegemea. Mnyama wa kilo 1,200 akiegemea ukingo wa mtumbwi, maji yanaingia yenyewe. Kwa maoni yangu tukio likawa baya zaidi kulitazama, maana linatokea polepole.

Chakula nilikipitia haraka, lakini sikukiacha. Kwa wanyama wala nyama wanaonyonyesha kuna kipimo kinachojulikana: kilo 10,000 za mawindo hubeba takriban kilo 90 za wawindaji. Kwa zimwi mmoja wa damu moto hiyo ni zaidi ya tani 130 za samaki na swala ndani ya eneo lake. Kinamasi chetu kwenye ramani ya gemu hakikuwa kikubwa kiasi hicho. Nikamfanya mnyama wa damu baridi, anayekula kwa nadra kama mamba, na hitaji likashuka kwa kiasi kikubwa. Uamuzi huu ulizaa vitu viwili vya kuchorwa. Mnyama wa damu baridi lazima aote jua, kwa hiyo mahali fulani katikati ya mafunjo pana sehemu iliyolazwa na kukauka, pana kama mwili wake. Mchoraji wa mandhari alipenda hilo kuliko chochote, kwa sababu mchezaji anaweza kukuta kitanda kabla hajamwona mwenyewe. La pili ni kwamba mwili mkubwa haupoi upesi, hivyo joto la mchana linatosha kuwinda saa za mwanzo za usiku. Anayetaka kumkwepa asubiri alfajiri.

Na samaki wanapatikanaje usiku ndani ya maji meusi? Maji ya chini ya mafunjo yana oksijeni kidogo, na kamongo hulazimika kupanda juu kuvuta hewa. Korongo nyangumi, yule ndege mwenye domo kubwa kama kiatu, anaishi kwa kusimama bila kutikisika akimsubiri kamongo apande. Zimwi anafanya vivyo hivyo, ila yeye hachagui kati ya kamongo na mtumbwi unaopita.

Macho yalikuwa jambo dogo. Wachoraji wote wawili waliweka mboni nyembamba za wima, kwa kuwa zimezoeleka kama alama ya ukatili. Mboni za namna hiyo huonekana zaidi kwa wawindaji wa kuvizia walio karibu na ardhi, kama paka na mamba. Simba, aliye juu zaidi, ana mboni za duara. Macho ya zimwi yako mita 3 kutoka topeni, nikayaandikia mboni za duara, kubwa, zenye tabaka la nyuma linaloakisi mwanga. Ukimmulika kwa taa kutoka kwenye mtumbwi, unaona duara mbili juu sana kuliko ulivyotegemea.

Maelezo yaliyomfikia mchoraji wa tatu yalikuwa haya:

"Zimwi la Mafunjo. Mwindaji wa kuvizia, damu baridi, anaishi peke yake kwenye mafunjo ya kimo cha mita 4 hadi 5, maji ya kina cha mita moja hadi moja na nusu. Mabega mita 2.6, kichwa mita 3.3 shingo ikiwa imekunjwa. Mwili mita 3.4, kilo 1,200 kama twiga dume. Weka mtu wa mita 1.7 kwenye kila mchoro.

Miguu sita. Jozi mbili za kwanza zina makombe yanayoteleza chini ya ngozi. Ya nyuma imeungana na fupanyonga na ndiyo yenye misuli minene. Mbavu zinapita nyuma ya makombe ya pili. Kiungo kinachopinda kuelekea nyuma kwenye mguu wa nyuma ni kisigino, si goti. Goti liko juu, karibu na tumbo. Nyayo zina vidole vinne vyenye utando mfupi: sentimita 45 zikikanyaga, 30 zikiinuliwa.

Shingo pingili 18, herufi S wakati wote isipokuwa anaposhambulia. Kichwa chembamba, urefu sentimita 80, meno madogo yaliyoelekea nyuma. Mboni za duara.

Ngozi chini ya mstari wa maji ni nyeusi na laini, ina mabaka ya tope. Juu ya mstari huo ina michirizi ya wima, rangi ya mafunjo makavu. Mstari wa maji uonekane hata akiwa nchi kavu.

Michoro inayohitajika: amesimama akisubiri, ubavu; anapiga hatua, mguu wa kati wa kulia juu; shingo imenyooka; nyayo mbili ukingoni mwa mtumbwi; kitanda chake kikiwa kitupu."

Utaona maelezo hayo hayana neno "kutisha". Pia rangi ya macho, umbo la utando na mikunjo ya ngozi nimeviacha kwa makusudi, kwa sababu mchoraji akifungwa kila mahali anaanza kuchora maelezo badala ya mnyama. Kilichofungwa ni kile ambacho kikibadilika kitavunja kingine: kimo, uzito, mahali pa makombe, upana wa nyayo, pingili za shingo.

Mchoro ulipokuja, ulikuwa na jambo moja ambalo sikuliandika. Mchoraji alikuwa ameweka kichwa upande mmoja wa mwili, shingo imelazwa juu ya kilima cha pili cha mabega, akieleza kuwa mnyama anayesubiri saa nyingi hawezi kubeba kilo 25 hewani bila kuchoka. Ni kweli, na kile kilima kidogo kikapata kazi ya pili. Mkurugenzi aliukubali siku ileile, ila aliomba pembe. Mhuishaji akamuuliza zitapitaje kwenye mafunjo bila kuyatikisa, na mpaka naandika haya pembe hazijawekwa.